Ununuzi wa Kukodi na Ukodishaji wa Gari: Nani Mwenye Gari Malipo Yakiisha?

Mtahiniwa, ukiulizwa swali hili kwenye mtihani, usikimbilie kuandika kwamba tofauti ni bei. Nimesahihisha majibu mengi ya aina hiyo na huwa yanaambulia alama moja. Mikataba hii miwili inafanana sana ukiitazama kwa nje: mtu anachukua gari asilokuwa na pesa za kulinunua, analiendesha kila siku, na kila mwisho wa mwezi analipa. Jirani akimwona barabarani hawezi kujua ni mkataba upi aliotia sahihi. Tofauti iko kwenye umiliki: gari ni la nani wakati malipo yanaendelea, na ni la nani siku malipo yanapokwisha.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Kukodi ni kuchukua kitu cha mwingine ukitumie kwa malipo. Kukodisha ni kumpa mwingine kitu chako akitumie kwa malipo. Kwa hiyo mkodi ndiye anayeendesha gari, na mkodishaji ndiye mwenye gari. Ukiyachanganya maneno haya mawili katika jibu lako, msahihishaji ataona umempa mali mtu asiye na mali.

Katika ununuzi wa kukodi, ambao mtaani wengi huuita haya pachesi, mkodi hutoa malipo ya kwanza, hupewa gari, kisha hulipa kilichobaki kwa awamu. Muda huo wote yeye ni mkodi tu. Mwenye gari ni kampuni iliyotoa fedha. Hata hivyo, mkataba humpa mkodi haki ambayo mkodi wa kawaida hana: akimaliza awamu zote, anaweza kulifanya gari kuwa lake, ama bila kulipa zaidi ama kwa kulipa ada ndogo iliyoandikwa tangu mwanzo. Hapo ndipo umiliki unapohama.

Katika ukodishaji wa kawaida haki hiyo haipo. Mkodi analipia matumizi ya gari kwa muda uliokubaliwa, na muda ukiisha analirudisha. Mfano ulio karibu nasi ni magari ya polisi wa Kenya. Kuanzia mwaka 2013, serikali ilianza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote. Polisi huyatumia kwa miaka ya mkataba huku kampuni zilizoyakodisha zikibaki kuwa wenye magari. Gari limepakwa rangi ya polisi na lina king'ora, lakini kisheria ni mali ya mwingine.

Sasa tupige hesabu. Nimechagua tarakimu nyepesi ili usihitaji kikokotoo. Tuseme dada na kaka wote wanataka gari dogo la kubebea mizigo ya duka, na bei yake taslimu ni shilingi 900,000.

Dada anachagua ununuzi wa kukodi. Anatoa malipo ya kwanza ya shilingi 300,000, kwa hiyo linabaki deni la 600,000. Kampuni inatoza riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya deni hilo lote, kwa miaka miwili. Riba ni 90,000 kila mwaka, jumla 180,000. Atalipa 780,000 kwa miezi 24, yaani 32,500 kila mwezi. Ukijumlisha malipo ya kwanza na awamu zote, unapata 1,080,000. Kiasi hicho ndicho bei ya ununuzi wa kukodi. Kikariri, maana tutakirudia.

Kaka anachagua kukodi tu. Analipa 25,000 kila mwezi kwa miezi 24, jumla 600,000. Katika mkataba wake, bima na matengenezo ya kawaida viko juu ya kampuni. Dada naye anagharamia hayo mwenyewe. Tuseme yanamgharimu 240,000 kwa miaka hiyo miwili.

Miezi 24 imekwisha. Kaka anarudisha funguo. Ametoa 600,000 na hana gari. Dada ametoa 1,320,000 ukihesabu bima na matengenezo, na gari ni lake. Wanafunzi wangu wengi hufikia hapa wakapaza sauti: kaka ameibiwa! Ngoja kwanza. Gari la dada limechakaa kwa miaka miwili. Kama sasa linaweza kuuzwa 650,000, basi gharama yake halisi ni 1,320,000 ukitoa 650,000, yaani 670,000. Kaka ametumia kidogo zaidi ya hapo? La, ametumia pungufu kwa 70,000. Alichokosa kaka ni gari la kuendelea kulitumia bila kulipa kodi mwezi wa 25. Alichokwepa ni hatari ya gari kushuka bei kuliko ilivyotarajiwa, maana hasara hiyo inamwangukia mwenye gari. Jibu linaloonyesha pande hizo mbili ni bora kuliko linalosema ukodishaji ni upotevu wa pesa.

Ongeza hapo kwamba kaka hana uhuru kamili. Mikataba ya kukodi mara nyingi huweka kikomo cha kilomita kwa mwaka, na gari hukaguliwa siku ya kurudishwa. Kilomita zilizozidi hulipiwa, na mikwaruzo na viti vilivyochanika pia. Mtu anayesafirisha mizigo kila siku kutoka Mombasa hadi Voi anaweza kushangazwa na bili ya mwisho.

Tumrudie dada, kwa sababu upande wake ndio wenye mambo mengi. Je, akishindwa kulipa katikati ya safari? Kwa kuwa gari bado si lake, kampuni inaweza kulitwaa kwa kufuata mkataba. Lakini Kenya ina Sheria ya Ununuzi wa Kukodi ya mwaka 1968, Sura ya 507, na ndani yake kuna kinga inayopendwa na watunga mitihani: mkodi akishalipa thuluthi mbili za bei ya ununuzi wa kukodi, mwenye gari hawezi kulitwaa kwa nguvu zake mwenyewe. Lazima aende mahakamani.

Thuluthi mbili za 1,080,000 ni 720,000. Angalia vizuri kwamba hatukuchukua bei taslimu ya 900,000, wala deni la 600,000. Hili ndilo kosa la kila mwaka. Dada alianza na 300,000, hivyo anahitaji 420,000 zaidi. Baada ya awamu 12 amelipa jumla ya 690,000, bado hajafika. Baada ya awamu ya 13 amelipa 722,500, amevuka. Akikwama mwezi wa 13 kabla ya kulipa, gari la kuvuta linaweza kufika mlangoni. Akikwama mwezi wa 14, kampuni inapaswa kwanza kufungua kesi. Na kampuni ikikaidi ikalitwaa bila kesi, sheria inauvunja mkataba, inamwondolea mkodi deni lililobaki na kumpa haki ya kudai arudishiwe alichokwisha kulipa. Kinga hii haimfikii kila mtu: haihusu mkodi ambaye ni kampuni, wala mkataba ambao bei yake imezidi kikomo kilichowekwa na sheria. Vilevile, kinga si umiliki. Katika mwezi wa 14 gari bado ni la kampuni. Kilichobadilika ni njia ya kulidai.

Kuna jambo jingine linalofuata kutokana na umiliki kubaki kwa kampuni: dada hawezi kuliuza gari. Kesi maarufu ya jambo hili ni Helby dhidi ya Matthews, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1895, na sheria yetu ya biashara ilichota mengi kutoka huko. Mtu alikodi piano kwa malipo ya kila mwezi kwa miezi 36, kwa makubaliano kwamba anaweza kuirudisha wakati wowote, na kwamba itakuwa yake akimaliza malipo. Kabla hajamaliza, akaiweka rehani. Aliyeipokea rehani alijitetea kwamba hakujua. Mahakama iliamua piano irudi kwa mwenyewe. Yule mkodi alikuwa na hiari ya kununua, lakini hakuwa amefungwa kununua, na asiye na mali hawezi kumpa mwingine mali hiyo.

Nina jirani aliyejifunza somo hili bila kuingia darasani. Alinunua gari kwa mtu aliyemwonyesha nakala tu ya kitabu cha gari, akaambiwa kitabu chenyewe kiko kwa wakili. Miezi mitatu baadaye dalali alilifuata. Nakala ile ilikuwa imekatwa upande mmoja, na jina lililofichwa lilikuwa la kampuni ya mikopo. Nchini Kenya, gari lililochukuliwa kwa mkopo wa namna hii kwa kawaida husajiliwa kwa majina mawili, la mkopeshaji na la mkopaji, na jina la mkopeshaji huondolewa deni likiisha. Ukiona majina mawili, malipo hayajaisha au usajili haujasafishwa. Kwa vyovyote vile, anayekuuzia hawezi kukuhamishia gari peke yake.

Hapo pia pana onyo kwa dada. Kulipa awamu ya 24 hakutoshi kama hakufuatilia jina la kampuni liondolewe. Gari ni lake kwa mkataba, lakini siku akitaka kuliuza ataanza kuzitafuta ofisi za kampuni.

Mwisho, jihadhari na swali la mtego. Baadhi ya mikataba inaitwa ya ukodishaji lakini ina kifungu kinachomruhusu mkodi kulinunua gari mwishoni. Usihukumu kwa kichwa cha mkataba. Tafuta kifungu kinachosema kitakachotokea baada ya malipo ya mwisho. Kama gari linakuwa la mkodi bila malipo zaidi au kwa ada ndogo, huo ni ununuzi wa kukodi hata ukipewa jina jingine. Kama anatakiwa kulinunua kwa bei ya soko ya siku hiyo, alikuwa akikodi tu, na sasa anaanza kununua. Na kama mkataba unasema gari ni la mteja tangu siku ya kwanza na anadaiwa tu, hayo ni mauzo ya mkopo, na muuzaji hana gari la kurudi kulitwaa. Ana deni la kudai.

Zoezi: Gari lina bei taslimu ya shilingi 600,000. Mkodi ametoa malipo ya kwanza ya 150,000 na atalipa awamu 18 za 32,000. Amelipa awamu 10, kisha akashindwa. (a) Tafuta bei ya ununuzi wa kukodi. (b) Je, kampuni inaweza kulitwaa gari bila kwenda mahakamani? Onyesha hesabu. (c) Gari ni la nani siku hiyo?

Majibu: (a) 726,000. (b) Ndiyo, thuluthi mbili ni 484,000, naye amelipa 470,000. (c) La kampuni.