Kutoka Rafuni hadi Kitako cha Kopo

Mkaguzi anapoingia duka la vipodozi Kariakoo na kukuta krimu anayoitilia shaka, mkono hutangulia. Analishika kopo, analigeuza, anasoma kitako chake, ndipo anatoa simu na kupiga picha ya namba aliyoiona. Kwa haraka hiyo amekwisha kupoteza kitu kisichorudi: hakuna tena picha inayoonyesha kopo lile lilikuwa wapi kabla ya kuguswa. Baadaye mwenye duka anaweza kusema kwamba krimu ile ilikuwa kwenye boksi la bidhaa mbovu huko nyuma, ikisubiri kurudishwa kwa aliyemuuzia, na picha ya namba peke yake haina la kumjibu.

Kwa hiyo mada fupi ya kuwafundisha wakaguzi, ya dakika 40 hivi kabla hawajatoka ofisini, naijenga juu ya jambo moja tu: picha zifuatane kutoka mbali kuja karibu, na kila picha ishikane na ile iliyoitangulia. Mengine yote ni ya kusaidia hilo.

Mfano unaofaa kufundishia ni krimu za kung'arisha ngozi. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Zebaki huharibu figo na neva, na mtumiaji hupitisha sumu hiyo hata kwa watoto anaoishi nao, kupitia mikono, mashuka na taulo. Krimu hizi zinafaa darasani kwa sababu nyingine pia. Vifungashio vyake vina karibu kila kinachoisumbua kamera ya simu: plastiki inayong'aa, maandishi madogo, namba zilizogongwa bila wino, na kasha lisilolingana na kopo lililomo.

Sehemu ya kwanza ya mada ni maandalizi, nayo haihitaji zaidi ya dakika tano. Kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole hufanya maandishi madogo yaonekane kama yana ukungu. Saa ya simu iwekwe ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, mahali pawashwe, flashi izimwe, na modi ya kurembesha izimwe kabisa. Modi hiyo hulainisha picha, na herufi zilizolainishwa si zile zilizokuwa kwenye kopo. Wakaguzi waambiwe pia kwamba mahali panapoandikwa na simu pasiaminiwe kupita kiasi. Ndani ya majengo ya ghorofa yaliyobanana, simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na kwa Kariakoo hiyo ni tofauti ya maduka mengi. Ndiyo sababu picha ya kwanza huwa ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono: namba ya jalada, tarehe, saa, mtaa na namba ya fremu ya duka.

Sasa tuingie dukani. Baada ya karatasi inafuata picha ya duka kwa nje, bango likisomeka. Kisha mkaguzi anajitambulisha, anaonyesha kitambulisho, na kumwambia mwenye duka kwa adabu, "Mama, naomba tusiguse chochote kwanza. Nitapiga picha kama ulivyopanga." Rafu nzima inapigwa, na bei zikiwapo zionekane. Bei na nafasi ya bidhaa ndizo zinazoonyesha kwamba ilikuwa inauzwa. Ikiwa krimu imewekwa chini ya kaunta, picha ipigwe ikiwa hapo hapo, na sehemu ya kaunta yenyewe ionekane ndani ya fremu. Picha inayofuata ni ya nusu njia: krimu ile ile na bidhaa mbili tatu za jirani yake, ili anayetazama aweze kuiona kwenye picha ya rafu na kusema ni hii. Wateja waombwe kusogea kando. Sura zao hazihusiki na kesi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatosha kuwa sababu ya kutozikusanya.

Ni baada ya hapo tu ndipo kopo linashikwa. Linawekwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, na kupigwa pande zote: mbele, nyuma, ubavuni kushoto na kulia, kifunikoni na kitakoni. Kasha lake lipigwe vivyo hivyo. Hapa ndipo mwalimu anapaswa kutulia, kwa sababu picha nyingi za ukaguzi huharibikia kwenye herufi ndogo, na sababu yake inaweza kuhesabiwa ubaoni.

Chukua simu inayotoa picha yenye upana wa pikseli 4,000, kama zilivyo nyingi za kawaida. Ukipiga rafu ya mita 4, kila milimita inapata pikseli moja. Namba ya toleo yenye urefu wa milimita 2 itakuwa na pikseli 2 kwenda juu, na hakuna kukuza kutakakoifanya isomeke. Sogea mpaka fremu ichukue sentimita 40 tu: kila milimita sasa ina pikseli 10, namba ina pikseli 20, na inasomeka vizuri. Kisha mkaguzi anaituma picha hiyo kwa bosi wake kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Kwa kawaida programu huipunguza mpaka kama pikseli 1,600 upande mrefu, na namba inabaki na pikseli 8. Kwa pikseli 8, tarakimu 3 na 8 huanza kufanana, na B hugeuka 8. Isitoshe, taarifa za saa na mahali zilizokuwa ndani ya faili huondolewa njiani. Basi ya kuarifiana itumwe hivyo, lakini faili lenyewe likitumwa litumwe kama waraka, na la asili libaki kwenye simu mpaka linakiliwe ofisini kwa waya.

Kwa namba ndogo, fremu ya sentimita 20 ndiyo inayofaa. Wengi hukosea kwa kuisogeza simu mpaka karibu iguse kopo. Kamera nyingi za simu haziwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10, kwa hiyo picha hutoka na ukungu na mpigaji hulaumu mkono wake. Arudi nyuma kidogo, akuze mara mbili, aguse kioo juu ya namba ili kamera ilenge pale, asubiri, kisha apige.

Somo ninalolipenda zaidi ni la tyubu. Kwenye ncha iliyobanwa ya tyubu ya krimu, toleo na tarehe ya kuisha muda mara nyingi vimegongwa bila wino. Ukiitazama ncha hiyo moja kwa moja chini ya taa ya duka huoni kitu, na ukiwasha flashi ndiyo kabisa, kwa sababu mwanga unarudi wote kwenye kamera na kuacha doa jeupe. Mwombe mwenzako awashe tochi ya simu yake na kuilaza karibu sambamba na ncha ile, mwanga ukitambaa kutoka ubavuni. Kila tarakimu inatupa kivuli chake, na namba inajitokeza yote. Wakaguzi wafanye jambo hili kwa mikono yao darasani, kila wawili na tyubu yao. Kulieleza kwa maneno hakutoshi. Mwanga huo huo hufichua stika iliyobandikwa juu ya tarehe ya zamani, maana ukingo wake huonekana, na sehemu iliyofutwa kwa kemikali, ambayo hung'aa tofauti na plastiki iliyoizunguka.

Tuseme sasa kwamba kasha linaonyesha toleo moja na kopo lililomo lina jingine. Je, ni bidhaa bandia? Bado hatujui. Huenda krimu imefungashwa upya mtaani, au muuzaji alifungua makasha mawili kuwaonyesha wateja na kurudisha makopo kwa kuchanganya. Mkaguzi achague kasha ambalo halijafunguliwa, alipige likiwa limefungwa pande zote, alifungue mbele ya mwenye duka huku mwenzake akirekodi video bila kukata, na apige kopo lililotoka. Likitofautiana nalo, maelezo ya kuchanganya dukani hayasimami tena.

Karatasi ya maelekezo iliyokunjwa ndani isisahaulike. Kwenye orodha ya viambato zebaki huweza kuandikwa kwa majina mengine, kama kalomeli, au kwa alama ya Hg. Shirika la Afya Duniani limetaja dalili nyingine inayofaa kuangaliwa: onyo la kuizuia krimu isiguse dhahabu, fedha, raba au alumini. Zebaki huungana na dhahabu, fedha na alumini, na onyo hilo huelekeza macho kwenye kile ambacho orodha haikutaja. Likionekana tyubu lenye jina la klobetasoli, hiyo ni dawa ya daktari, na shauri lake linakwenda kwa mamlaka ya dawa, TMDA.

Mwalimu aseme wazi kwamba kamera haioni zebaki. Krimu yenye sumu na isiyo na sumu hutoka sawa kwenye picha. Rangi nayo hudanganya, kwa kuwa simu hurekebisha weupe kulingana na taa, na krimu moja inaweza kutoka ya njano asubuhi na ya kijivu jioni. Anayetaka kulinganisha rangi ya kasha na la bidhaa halisi ayaweke yote mawili kwenye fremu moja, na karatasi nyeupe katikati. Jibu la sumu liko maabara. Picha inahakikisha kwamba kopo lililofika maabara ni lile lililotoka rafu ile. Basi bidhaa zilizokamatwa zipangwe kumi kumi na kupigwa, kisha mifuko ipigwe ikiwa imefungwa na namba za lakiri zikisomeka, pamoja na hati ya ukamataji iliyosainiwa.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaielekeza mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama ukamilifu wake ulilindwa. Kwa mkaguzi maana yake ni kwamba picha ya asili haikatwi, haiongezwi mwanga, wala haichorewi duara jekundu. Duara lichorwe kwenye nakala. Hata picha mbaya isifutwe, kwa sababu kwenye baadhi ya simu mafaili huwa na namba zinazofuatana, na pengo moja katikati linatosha wakili kuuliza lilikuwa na nini.

Dakika 10 za mwisho ni za zoezi. Kila mkaguzi anapiga mfululizo mzima wa kopo moja lililo kwenye rafu ya darasa, kisha anampa simu mwenzake ambaye hakuwapo. Mwenzake anaandika, kwa kutazama picha tu, kopo lilikuwa rafu ya ngapi, jirani yake nani, toleo lake na tarehe ya kuisha muda. Asipoweza kuandika mojawapo, mpigaji anarudi mezani na kupiga upya wakati kopo bado halijafungwa lakiri.