Dakika 20 Zageuka 40

Kijipicha cha video ya pilau kinamwonyesha mpishi akitabasamu kando ya sufuria, na nyuma yake ukuta wa kahawia. Juu ya ukuta huo pameandikwa kwa herufi nyeupe PILAU KWA DAKIKA 20. Watazamaji wamelalamika, maana nyama peke yake imechukua zaidi ya hapo. Namba sahihi ni 40. Faili la awali lenye matabaka limepotea. Iliyobaki ni JPG ya pikseli 1280 kwa 720.

Kwenye JPG herufi hazibanduki. Chini ya ile 2 hakuna ukuta, kwa kuwa picha na maandishi vimeshakuwa kitu kimoja. Kinachofanyika ni kutia kiraka.

Katika GIMP, programu ya bure, mhariri huanza kwa kuongeza tabaka tupu juu ya picha. Kisha huchagua eneo la ile 2 na kulipanua kwa pikseli sita hivi, maana JPG huacha vumbi la vidoa kuzunguka kingo za herufi. Vidoa hivyo visipofunikwa, namba ya zamani hubaki kama kovu. Brashi ya Clone, ikiwa imewekewa alama kwenye `Sample merged`, huchota rangi ya ukuta kutoka picha ya chini na kuipaka kwenye tabaka jipya. Ukichota usichotazama, kiraka kitakusuta: mwanga unatoka dirisha la kushoto, hivyo ukuta unafifia kuelekea kulia. Rangi ichotwe moja kwa moja juu ya namba, si pembeni yake.

Kiraka si lazima kiwe safi kabisa, kwani ile 4 itakifunika kwa sehemu kubwa. Kazi ngumu ni fonti. Ikiwa haifanani na ile ya 0 iliyobaki, heri kufuta tarakimu zote mbili na kuziandika upya pamoja. Na kama herufi ingekuwa imepita juu ya shavu la mpishi, jambo la busara lingekuwa kuweka herufi mpya palepale. Ukuta hubuniwa na mtu asijue, shavu halibuniwi.

Uso umebaki vilevile? Macho hayatoshi kuthibitisha. Picha ya awali huwekwa juu kabisa kama tabaka na kupewa hali ya `Difference`. Palipo sawa huwa peusi tii, palipobadilika hung'aa. Panapaswa kuonekana namba tu. Alama ya kijivu kwenye sikio la mpishi maana yake brashi iliteleza. Ukaguzi huu hufanywa kabla ya kuhifadhi, kwa sababu JPG ikibanwa upya hubadilisha kidogo picha nzima, uso ukiwemo. Ndiyo maana PNG ni salama zaidi, ilimradi uzito wake usizidi kiwango cha YouTube.

Mwisho kijipicha hupunguzwa hadi upana wa kidole gumba na kutazamwa kwenye simu. Iwapo namba iko kona ya chini kulia, isogezwe: hapo ndipo YouTube hubandika urefu wa video, na 40 ya mpishi itamezwa.