Kapasita Haioni Zaidi ya Miguu Yake Miwili

Betri ya volti 9, swichi, resista tatu na kapasita moja ya mikrofaradi 1,000. Vitu hivyo vinapatikana katika duka lolote la vipuri vya redio, na vikiungwa kwa namna fulani huzua swali ambalo wanafunzi wengi wa fizikia hulijibu haraka na kulikosa.

Muungano wenyewe ni huu. Kutoka upande chanya wa betri, umeme unapita kwenye swichi, kisha kwenye resista ya kilo-omu 30. Inapoishia resista hiyo njia inagawanyika. Tawi moja linapita resista ya kilo-omu 15 na kurudi moja kwa moja upande hasi wa betri. Tawi la pili linapita resista ya kilo-omu 12 hadi kwenye mguu chanya wa kapasita, na mguu wake hasi nao umeungwa upande hasi wa betri. Swichi ikiwashwa, kapasita itachukua muda gani kuchajiwa?

Kama resista ingekuwa moja tu, jibu lingekuwa jepesi. Ukinzani kwa omu unazidishwa na ukubwa wa kapasita kwa faradi, na kinachopatikana ni sekunde. Wanafizikia huuita muda huo kwa herufi ya Kigiriki, tau:

τ = R × C

Tau moja ikipita, volteji ya kapasita huwa imefika takriban asilimia 63 ya kiwango itakachoishia. Zikipita tau tano huwa imevuka asilimia 99, na mafundi huihesabu kuwa imejaa. Ugumu unaanza resista zinapokuwa tatu, kwa sababu haijulikani mara moja ni ipi kati yake iandikwe mahali pa R.

Wapo wanaozijumlisha zote: 30 na 15 na 12 ni 57, kwa hiyo tau ni sekunde 57. Wengine hufuata njia ya mkondo kutoka betri hadi kapasita, wakaiacha ile ya 15 kwa kuwa iko pembeni, wakapata 42. Hoja hii ya pili inavutia, maana ni kweli kwamba mkondo unaoijaza kapasita unapita kwenye resista ya 30 na ya 12. Lakini saa ya mkononi na multimeta ya kidijiti haziafiki jibu lolote kati ya hayo mawili. Kwa kapasita yenye ukubwa ulioandikwa ubavuni, tau ni sekunde 22.

Sababu inaonekana tukisimama mahali ilipo kapasita na kutazama kuelekea kwenye saketi. Kapasita ina miguu miwili tu. Haijui kama nyuma ya miguu hiyo kuna resista tatu au thelathini, wala betri iko upande gani. Inachokihisi ni jambo moja: volteji yake ikipanda kidogo, mkondo unaoingia unapungua kwa kiasi gani? Uwiano wa mabadiliko hayo mawili ndio ukinzani inaouona, na huo ndio unaopanga mwendo wa kuchajiwa.

Kuupata hakuhitaji hesabu nzito. Kapasita inang'olewa, betri inatolewa na mahali pake panaungwa waya mtupu, kisha unahesabiwa ukinzani kati ya ncha mbili zilizoachwa wazi. Kutoka kwenye ncha chanya inakutwa kwanza resista ya 12. Baada yake kuna njia mbili za kufika ncha hasi: moja kupitia ya 15, nyingine kupitia ya 30 na ule waya uliochukua nafasi ya betri. Basi 30 na 15 ziko sambamba:

(30 × 15) ÷ (30 + 15) = 10

Kilo-omu 10 hizo zikijumlishwa na 12 ni kilo-omu 22. Zikizidishwa na mikrofaradi 1,000, jibu ni sekunde 22.

Hatua ya kuweka waya mahali pa betri ndiyo inayowasumbua wengi, na ni haki yao kuihoji. Betri nzima haibadilishi volti zake 9 kwa sababu ya mkondo mdogo kama huu kupanda au kushuka. Iko kama bahari ambayo kina chake hakishuki kwa kuchotwa ndoo. Kwa hiyo mkondo wa kapasita unapobadilika, upande wa juu wa resista ya 30 unabaki kwenye volti 9 na upande wa chini wa ile ya 15 unabaki kwenye sifuri. Kinachopanda na kushuka ni volteji ya kiungo cha katikati peke yake. Kwa habari ya mabadiliko, ncha hizo mbili zisizotikisika ni kitu kimoja, na resista zilizofungwa kati ya kiungo na kitu kimoja ziko sambamba.

Asiyeridhika na hoja anaweza kuhakikisha kwa tarakimu. Kwanza, kapasita itaishia wapi? Ikishajaa haipitishi mkondo, kwa hiyo resista ya 12 haina inachopunguza. Zinabaki 30 na 15 kugawana volti 9, na sehemu ya ile ya 15 ni volti 3. Hapo ndipo kapasita itakoma, si kwenye 9.

Sasa turudi mwanzo, nukta ile swichi inapowashwa. Kapasita iko tupu, volteji yake ni sifuri. Ukikokotoa saketi nzima kwa sheria ya Omu, kiungo cha katikati kinakuwa na volti 1.64 hivi. Mkondo unaopita resista ya 30 ni miliampea 0.245, na kati ya huo miliampea 0.109 unakwepa kupitia ile ya 15. Unaobaki kwa ajili ya kapasita ni miliampea 0.136, ambao ni sawasawa na volti 3 kugawanywa kwa kilo-omu 22. Mkondo huo unaipandisha kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwa volti 0.136 kila sekunde. Kama kasi hiyo isingepungua, kapasita ingefika volti 3 kwa sekunde 22. Haifiki, kwa sababu kadiri inavyojaa ndivyo mkondo unavyonywea. Sekunde ya 22 huikuta kwenye volti 1.9, na sekunde ya 110 kwenye 2.98.

Njia hii ya kuukunja mtandao mzima wa resista na betri kuwa betri moja na resista moja inajulikana kwa jina la Léon Charles Thévenin, mhandisi wa simu za telegrafu wa Ufaransa, aliyeichapisha mwaka 1883. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa ameshaieleza mwaka 1853, ila jina lililobaki vitabuni ni la mtu wa telegrafu. Kwa saketi yetu, betri ya Thévenin ni ya volti 3 na resista yake ni ya kilo-omu 22. Kapasita haina namna yoyote ya kutofautisha kati ya hiyo na saketi halisi.

Yote hayo ni ya wakati swichi imewashwa. Ikizimwa, kapasita inaanza kumwaga chaji, na hapo inaona saketi nyingine. Resista ya 30 sasa inaning'inia, ncha yake moja haina pa kwenda, kwa hiyo haihesabiki. Njia iliyobaki ni ya 12 kisha ya 15, jumla kilo-omu 27, na tau ni sekunde 27. Saketi ileile inajaa kwa tau moja na kupungua kwa nyingine. Anayetengeneza kichelewesha cha taa au king'ora akilisahau hilo, atashangaa kwa nini kifaa chake kinachelewa zaidi kuzima kuliko kuwaka.

Tofauti hiyo ina faida kubwa mezani. Kapasita za elektrolitiki mara nyingi huuzwa kwa ahadi ya kutopotoka zaidi ya asilimia 20, juu au chini. Maana yake iliyoandikwa mikrofaradi 1,000 inaweza kuwa 800 au 1,200, na tau ya kuchajiwa ikawa popote kati ya sekunde 17.6 na 26.4. Fundi aliyepima 25 atajuaje kama amekosea ukinzani au kapasita ndiyo kubwa? Apime pia muda wa kumwaga. Kapasita ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo ukubwa wake unajifuta katika uwiano: 27 kwa 22, yaani 1.23. Akipata 25 wakati wa kuchaji na karibu 30.7 wakati wa kumwaga, resista zake amezihesabu vizuri na kapasita yake ni ya mikrofaradi 1,136 hivi. Uwiano ukiwa mbali na 1.23, tatizo liko kwenye ukinzani: resista imesomwa vibaya rangi zake, au kapasita imechakaa na inavuja ndani kwa ndani.

Mshukiwa mwingine anayesahauliwa ni kipimo chenyewe. Multimeta nyingi za kidijiti zina ukinzani wa mega-omu 10, nao ni mkubwa mno kuisumbua saketi hii. Multimeta ya mshale ni habari nyingine. Yenye maandishi ya kilo-omu 2 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, ni resista ya kilo-omu 20 iliyofungwa kwenye miguu ya kapasita. Kapasita inaiona kama inavyoziona nyingine: 22 na 20 sambamba ni takriban 10.5. Mshale utapanda kwa tau ya sekunde 10.5 na kusimama kwenye volti 1.43 badala ya 3. Dalili ya kosa hili haifichiki. Muda na volteji ya mwisho vyote viwili vimepungua kwa kadiri moja, hapa karibu nusu. Kapasita iliyopungua ukubwa, bila kuvuja, ingeufupisha muda na kuiacha volteji ya mwisho pale pale kwenye 3.

Hesabu hii ina mipaka. Inadai kapasita iwe moja, au ziwe kadhaa zinazoweza kujumlishwa kuwa moja. Kapasita mbili zilizotenganishwa na resista huleta tau mbili kwa pamoja, na hakuna ukinzani mmoja utakaozieleza. Inadai pia ukinzani usibadilike kwa volteji. Ukifunga taa ndogo ya LED nyekundu kwenye miguu ya kapasita yetu, mwanzoni itakuwa kama haipo na tau itabaki 22. Kapasita ikikaribia volti 1.6 hivi, taa inaanza kupitisha mkondo, ukinzani unaoonwa unaporomoka, na volteji inasimama hapo bila kuzifikia zile 3.