Herufi za mapambo za Unicode

Herufi za mapambo za Unicode ni alama zinazofanana na herufi za kawaida zilizokolezwa, kulazwa au kuandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, ambazo watu hunakili na kubandika katika wasifu wao kwenye mitandao ya kijamii. Huitwa pia "fonti za mapambo", ingawa si fonti. Fonti hubadilisha sura ya herufi tu, lakini hapa herufi yenyewe imeondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Nyingi kati ya alama hizo ziliingizwa katika Unicode toleo la 3.1, mwaka 2001, kwa ajili ya wanahisabati, ambao kwao x ya kawaida na x iliyokolezwa huweza kuwa vitu viwili tofauti katika mlinganyo mmoja. Hazikukusudiwa kuandika maneno.

Tuchukue muuza viazi wa Uyole, jijini Mbeya, anayeandika jina la eneo lake kwa mapambo: 𝐔𝐲𝐨𝐥𝐞. Kwa macho ni Uyole. Kwa kompyuta, U ya kawaida ni U+0055, na hiyo ya mapambo ni U+1D414. Mteja akiandika "Uyole" kwa kibodi ya simu, programu ya utafutaji inayolinganisha namba hizo haitaona popote zinapofanana, na muuzaji huyo hatatokea.

Kwa asiyeona tatizo ni kubwa zaidi. Programu ya kusoma skrini huweza kutaja jina la kila alama, yaani "U kubwa nzito ya kihisabati", kisha "y ndogo nzito ya kihisabati", hadi alama ya tano. Programu nyingine huziruka kimya, na msikilizaji hajui kama kulikuwa na jina. Nazo simu ambazo fonti zake hazina alama hizo, hasa za zamani, huonyesha visanduku vitupu.

Baadhi ya programu hurekebisha hali hii kwa kanuni iitwayo NFKC, inayorudisha alama kwenye herufi yake ya asili. Katika lugha ya Python:

```
import unicodedata
unicodedata.normalize("NFKC", "𝐔𝐲𝐨𝐥𝐞")
```

Jibu ni `'Uyole'`. NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta, ina chaguo la aina hii tangu toleo la 2024.3.

Hata hivyo kanuni hiyo haigusi mapambo yote. ᴜʏᴏʟᴇ, yenye umbo la herufi kubwa zilizopunguzwa, imeundwa kwa alama za fonetiki ambazo Unicode huzihesabu kuwa herufi zinazojitegemea. NFKC huziacha zilivyo. Anayetaka mapambo anaweza kuyaweka kwenye picha au pembeni mwa maneno, na kuandika jina, mahali na bidhaa kwa herufi za kawaida.