Sarufi Sahihi, Maamkizi Yasiyofaa: Mfano wa "Hujambo, Bibi?"

Miongoni mwa makosa ya wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni, yapo yasiyoonekana daftarini. Tahajia ni sahihi na viambishi viko mahali pake, lakini aliyeambiwa anahisi hakuheshimiwa. Makosa ya namna hii ni magumu kusahihisha, kwa sababu mwanafunzi akirejea kitabu chake cha sarufi haoni alipokosea.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa miaka 20 anayejiandaa kwenda kuishi na familia moja huko Bagamoyo. Anamwandikia mkufunzi wake salamu atakayomwamkia mwenyeji wake, bibi wa miaka 70: "Hujambo, bibi?" Anataka kujua kama sentensi hiyo ni sahihi.

Mkufunzi anaanza jibu lake kwa kukubali kwamba sarufi haina kasoro. Kiambishi hu- ni muungano wa ha- ya ukanushi na u- ya nafsi ya pili umoja. Kiambishi hicho kimeungana moja kwa moja na nomino jambo, bila kitenzi, na maana yake ya asili inakaribia kuwa "huna jambo?", yaani, hakuna lililokusibu? Jibu lake ni "sijambo", na wanaoulizwa wakiwa wengi huwa "hamjambo". Kwa hiyo mwanafunzi hakukosea kuunda neno. Amekosea kuchukua zamu isiyokuwa yake.

Hapo ndipo kiini cha maelezo kilipo. "Hujambo?" ni swali, na humtaka anayeulizwa aeleze hali yake. Watu wa rika moja huulizana hivyo bila tatizo, na mkubwa humwuliza mdogo. Kwa desturi ya Watanzania walio wengi, mdogo hamwanzi mkubwa kwa swali hilo. Humwanza kwa "Shikamoo", neno linaloelezwa kwa kawaida kuwa limetokana na kauli ya kushika miguu ya mkubwa. Neno hili haliulizi chochote. Linatoa heshima tu. Mkubwa naye huipokea kwa "Marahaba", na baada ya hapo yeye ndiye mwenye haki ya kuuliza. Mkufunzi anayapanga mazungumzo hivi:

Kijana: Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?
Kijana: Sijambo, bibi.

Mwanafunzi akiyatazama mazungumzo hayo ataona kwamba sentensi yake imo, ila inatamkwa na bibi. Kijana anayeanza kwa "Hujambo?" ameruka hatua mbili na kusema maneno ya mkubwa. Kumwita "bibi" hakuondoi tatizo, kwa kuwa jina la heshima haliwezi kubadili nani amemwuliza nani. Kutumia wingi pia hakusaidii. Wanafunzi wanaotoka katika lugha ambazo wingi huonyesha heshima hushawishika kusema "Hamjambo, bibi?", lakini kwa kawaida bibi huyo ataelewa kwamba wanaoulizwa ni yeye na wenzake. Hali kadhalika, "Shikamooni" huelekezwa kwa wakubwa wengi, si kwa mkubwa mmoja anayeheshimiwa zaidi.

Kosa hili hutambulikaje? Mara nyingi mzee hamkaripii mgeni. Huitikia "Sijambo" kwa ufupi na mazungumzo yakaishia hapo. Wengine huitikia "Marahaba!" ilhali hakuna aliyewaamkia, na kwa jibu hilo humkumbusha kijana neno alilopaswa kulitanguliza. Asiyejua desturi hudhani mzee hakusikia vizuri, akarudia "Hujambo?" kwa sauti kubwa zaidi.

Mkufunzi anaongeza mipaka ya kanuni yake. Umri si kigezo pekee: shangazi aliye mdogo kwa miaka kuliko mpwa wake anaweza kuamkiwa na mpwa huyo kwa sababu ya daraja la ujamaa. Kwa upande mwingine, "Shikamoo" kwa mtu aliyemzidi msemaji miaka miwili tu huweza kumuudhi, kwa maana imemzeesha. Tena desturi hii haina nguvu sawa kila mahali. Katika sehemu nyingi za bara la Kenya "Shikamoo" haisikiki sana kama Tanzania, na mashariki ya Kongo "Jambo" ni salamu ya kawaida hata kwa watu wazima. Jibu lake, basi, linahusu Bagamoyo na jamii zinazofanana nayo.

Mwaka 1972 Dell Hymes alieleza kwamba kuijua lugha ni pamoja na kujua nani aseme nini, kwa nani na wakati gani. Katika maamkizi ya Kiswahili, ujuzi huo umo katika mpangilio wa zamu. Kwa hiyo mkufunzi hafuti "Hujambo" katika daftari la mwanafunzi wake. Anaandika "Shikamoo" juu yake, kisha anamwelekeza asubiri kuulizwa.