Seva Inayopekua Barua 60,000 Kutafuta Neno Moja

Tuseme ni ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Dar es Salaam. Barua pepe za wateja, za kampuni za meli na za mamlaka zote huingia kwenye sanduku moja linalotumiwa na wafanyakazi kadhaa, na kwa miaka saba limefikisha barua 60,000. Mteja anapiga simu kuulizia kontena lake. Namba kamili ni ABCU7204518, lakini yeye anakumbuka tarakimu nne za mwisho tu. Mfanyakazi anaandika 4518 kwenye Roundcube, anachagua kutafuta ndani ya barua, kisha anasubiri mpaka kivinjari kinakata muunganisho bila jibu.

Seva yao inatumia Dovecot, programu ya kuhifadhi na kugawa barua iliyoandikwa na Timo Sirainen wa Finland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Dovecot ina akili ya kujiwekea akiba: mtumaji, kichwa cha habari na tarehe za barua huziandika pembeni, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mtumaji jibu huja upesi. Akiba hiyo haina maneno yaliyomo ndani ya barua. Ukiyatafuta hayo, seva hulazimika kufungua barua moja moja, kufumbua maandishi yaliyofungwa kwa ajili ya kusafirishwa, kupita juu ya viambatisho, na kulinganisha. Kesho ukiuliza neno lilelile huenda ikaanza upya. Kuongeza kasi ya mtandao hakusaidii, kwa sababu kazi yote inafanyika kwenye diski ya seva.

Dawa yake ni ile ya kitabu kikubwa chenye faharasa nyuma: kila neno huorodheshwa mara moja pamoja na barua linamopatikana, na baadaye mtu akiuliza, seva inasoma orodha tu. Dovecot ina viongezo vya kazi hiyo. Kimojawapo, Solr, huhitaji seva nyingine ya kutunzwa pembeni. Kingine, Flatcurve, hutumia maktaba ya Xapian na kuweka faharasa ya kila folda kwenye faili za kawaida ndani ya seva ileile. Tangu toleo la Dovecot 2.4, lililotoka 2025, Flatcurve ni sehemu ya Dovecot yenyewe. Kwa ofisi ndogo yenye fundi mmoja, hiki ndicho rahisi kukitunza.

Wengi wanaowasha Flatcurve huacha mpangilio wake kama ulivyokuja, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kawaida Flatcurve hulinganisha mwanzo wa neno tu. Ukiandika ABCU72 utaipata barua ya kontena letu, lakini ukiandika 4518 utaambiwa hakuna kitu, ingawa barua ipo. Waundaji wake waliona kwamba watumiaji wengi wa leo wamezoea kutafuta kwa mwanzo wa neno, tena faharasa hubaki ndogo. Kanuni za IMAP zilizoandikwa mwaka 2003 zilidai zaidi ya hapo: herufi zinazotafutwa zipatikane popote zilipo, hata katikati ya neno.

Kwa barua za Kiswahili tofauti hiyo ni kubwa. Maneno yetu hubadilika zaidi kichwani: tumelipa, hajalipa, watalipa. Anayetafuta lipa kwa mwanzo wa neno hatapata hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana ofisi yetu inapaswa kuwasha mpangilio unaoitwa substring_search. Ukiwashwa, neno tumelipa haliingizwi peke yake. Huingizwa pia kila mkia wake, yaani umelipa, melipa, elipa, lipa, ipa na pa. Neno moja la herufi nane limezaa maingizo saba. Gharama yake ni nafasi ya diski: faharasa huwa kubwa zaidi, nayo huchukua muda mrefu zaidi kuijenga.

Katika Dovecot 2.4 mpangilio huandikwa hivi (toleo la 2.3 lina uandishi tofauti):

```
mail_plugins {
  fts = yes
  fts_flatcurve = yes
}
fts_autoindex = yes
language en {
  default = yes
  filters = lowercase
}
fts flatcurve {
  substring_search = yes
}
```

Mstari wa fts_autoindex huifanya kila barua mpya iingizwe kwenye faharasa inapofika. Kiingereza kimetajwa kwa sababu Dovecot hudai itajiwe lugha, lakini kichujio kilichowekwa ni kimoja tu, cha kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kile kiitwacho snowball, kinachopunguza maneno hadi shina lake, kimeachwa makusudi: hakina kanuni za Kiswahili, na kanuni zake za Kiingereza hukata mikia ya maneno bila kuyaelewa.

Baada ya kuiwasha upya seva, barua 60,000 za zamani bado hazimo kwenye faharasa. Mtu akitafuta wakati huo, seva itajaribu kuziingiza zote hapohapo, na atasubiri kuliko mwanzo. Heri fundi aijenge usiku, ofisi imefungwa:

```
doveadm index -u forodha '*'
time doveadm search -u forodha mailbox INBOX body 4518
```

Amri ya pili hupima muda wa utafutaji. Ipigwe kabla ya kuweka faharasa na baada yake, ili tofauti ionekane kwa saa badala ya hisia. Ujenzi ukikatika njiani na kumbukumbu za seva zikilalamika kuhusu uhaba wa memori katika indexer-worker, ongeza kikomo cha vsz_limit cha huduma hiyo, kisha irudie amri ya kwanza. Na ukibadilisha substring_search baadaye, usidhani faharasa ya zamani itajirekebisha. Futa saraka za fts-flatcurve za sanduku hilo, kisha ujenge upya. Barua zenyewe haziguswi, na kwa sababu faharasa hujengeka tena wakati wowote, haina haja ya kuwekewa nakala ya akiba.

Upande wa mtumiaji kuna jambo moja la kuangalia. Roundcube huuliza seva moja kwa moja, ila mtumiaji achague kutafuta ndani ya barua, la sivyo itaangalia vichwa vya habari na majina tu. Thunderbird ina faharasa yake ndani ya kompyuta. Katika dirisha lake la kutafuta barua kuna chaguo la kuiachia seva kazi hiyo, nalo ndilo litakalofaidika na haya yote.

Kinachobaki nje ni viambatisho. Flatcurve peke yake hupokea maandishi ya barua, si yaliyomo kwenye PDF, na hati nyingi za mizigo huja kwa PDF. Dovecot inaweza kuunganishwa na programu ya kutoa maandishi, kama vile pdftotext au Apache Tika, na mengi yakaanza kupatikana. Lakini hati iliyopigwa skani ni picha, na pdftotext haioni humo hata herufi moja. Kwa hati za namna hiyo ofisi haina budi kujiwekea desturi: anayeituma au kuipeleka mbele aandike namba ya kontena kwenye kichwa cha habari.