Rundo la Mikopo Linapovuta Bei

Bei ya bitikoini ina tabia moja inayowaudhi wengi: hushuka hadi mahali fulani, huwatoa watu sokoni, kisha hupanda kana kwamba haikuwa na haja nyingine kule chini. Mara nyingi haja ilikuwepo.

Chukua mtu aliyenunua mkataba wa bitikoini kwa bei ya dola 60,000, kwa mkopo wa mara 25. Dhamana yake ni asilimia 4 tu ya thamani ya mkataba. Soko likitaka ibaki akiba ya nusu asilimia, basi bei ikigusa 57,900 hivi, soko lenyewe linamfungia mkataba. Kumfungia mnunuzi maana yake ni kuuza, papo hapo, kwa bei iliyopo. Waliokopa kama yeye wakiwa wengi, mauzo ya lazima hurundikana mahali pamoja.

Ramani za joto, kama ile ya CoinGlass, huyachora marundo hayo kwa rangi: panapong'aa ndipo panapodhaniwa pana mikataba mingi. Ni dhana, kwa sababu ramani haioni akaunti ya mtu. Inakisia kutokana na bei, wingi wa mikataba iliyo wazi na viwango vya mikopo vilivyozoeleka. Aliyeongeza dhamana jana usiku haimjui.

Kwa nini bei ielekee huko? Mnunuzi mkubwa akinunua kwa pupa hujipandishia bei mwenyewe. Penye rundo atapata wauzaji wasio na hiari, hivyo huweka oda zake hapo akangoja. Wanunuzi wasipotosha, mauzo ya rundo la kwanza huisukuma bei hadi la pili, na la pili hadi la tatu. Tarehe 10 Oktoba 2025, Donald Trump alipotangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China, mikataba ya zaidi ya dola bilioni 19 ilifungwa kwa lazima ndani ya saa 24. Cheche ilikuwa habari. Kuni zilikuwa mikopo.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Stopu, yaani amri ya kujitoa hasara isizidi, akiiweka 57,950 ameiweka mlangoni mwa rundo. Afadhali ishuke hadi 57,400. Lakini kwa mkopo wa mara 25 atakuwa ameshafungiwa kabla ya kufika huko! Lazima apunguze mkopo, tuseme mara 10, ambao kikomo chake ni karibu 54,300. Na kwa kuwa stopu imekwenda mbali, anunue kidogo: anayekubali kupoteza dola 100 atanunua bitikoini 0.038 badala ya 0.049.

Bei ikishalipita rundo, atazame mikataba iliyo wazi. Ikipungua ghafla, waliolazimishwa wameshatoka na bei inaweza kurudi. Ikiongezeka huku bei ikishuka, wauzaji wapya wameingia. Stopu ya 57,400 asiisogeze.